Maswali mnayotuuliza sana kuhusu akaunti za bei ya jumla (ndoo, mabeseni, majaba na vyombo vya plastiki, Dodoma)

Haya maswali nimeyakusanya kwenye simu zangu mwenyewe, ndo yaleyale mnayoniuliza mkija dukani Majengo au mkinipigia usiku. Nayajibu mimi mwenye duka mana mimi ndo napitisha akaunti na mimi ndo naweka bei, kwaiyo ukisoma hapa ni kama umeongea na mimi.

Mbona nikifungua tovuti yenu naona ndoo na mabeseni ila bei hamna?

Kwa sababu bado hujaingia kwenye akaunti, au umejisajili ila sijakupitisha. Picha, saizi na idadi ya kwenye bando kila mtu anaona, bei anaona mwenye akaunti iliyokubaliwa tu.

Nieleze kwanini mana wengine wanahisi naficha kitu. Tuseme mama ana duka Chang'ombe, ananunua kwangu ndoo ya lita 20 kwa 5,800, anauza 7,000. Ile 1,200 ndo inamlipia kodi ya fremu, nauli, na kijana anayembebea. Sasa bei yangu ikikaa wazi, mteja wake anaingia dukani anamwonyesha simu, "mbona huyu anauza 5,800 wewe unaniuzia 7,000?" Mama ataanza kujieleza mambo ya mabando na usafiri kwa mtu anayetaka ndoo moja akachotee maji jioni, na yule mteja ataondoka anaamini ameibiwa. Mimi sitauza ndoo moja kwa huyo mteja, kwaiyo sijafaidika, mama amepoteza mteja, na wiki ijayo mama haagizi tena kwangu. Bei ya jumla ni ya mtu anayenunua ili akauze, mwingine haimsaidii kuijua.

Najisajili vipi na unataka nini kutoka kwangu?

Bonyeza "Omba akaunti", jaza jina la duka, jina lako, namba ya simu unayopokea, na mahali duka lilipo. Hapo kwenye mahali usiandike "Dodoma" tu jamani, andika kama unavyomwelekeza bodaboda, mfano Nkuhungu, karibu na kitu fulani kinachojulikana. Afu TIN yako, ni tarakimu 9, hesabu kabla ya kutuma mana maombi mengi yanakwama hapo, mtu kaandika namba ya leseni sehemu ya TIN. Na picha mbili: leseni ya biashara, na picha ya duka kwa mbele ukiwa umefungua, bidhaa zinaonekana.

Hiyo picha ya duka ndo naiangalia kuliko karatasi zote. Leseni inaniambia una kibali, picha inaniambia unauza nini na unauza kiasi gani.

Sina leseni, mimi nauza pale soko la Machinga, je?

Karibu. Tuma kitambulisho chako cha mfanyabiashara mdogo na picha ya meza au kibanda. Utaingia kwenye orodha ya A, ambayo nimeieleza chini, na kiwango cha chini ni kilekile cha wengine wa A, sikupandishii kwa sababu huna fremu.

Unachukua muda gani kupitisha na unaangalia nini?

Naangalia maombi jioni nikishafunga duka, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ukituma asubuhi mara nyingi nakujibu usiku huohuo, ukituma Jumamosi usiku subiri Jumatatu.

Hatua zenyewe ni hizi. Nasoma ulichojaza, afu nakupigia, na namba isipopokelewa mara mbili akaunti inabaki "Inasubiri" mpaka utakaponitafuta. Kwenye simu naongea na wewe dakika tatu nne tu, nakuuliza unauza nini zaidi, unanunua wapi sa hivi, kwa mwezi ndoo ngapi zinatoka. Sikuulizi ili nikupeleleze. Mtu anayeuza ndoo anajua kwamba ya lita 10 inatoka haraka kuliko ya 20 sehemu zenye wanafunzi wengi, na anajua rangi gani inakaa. Mtu asiyeuza hawezi kujibu hayo, na wengi wao ni watu wanaotaka ndoo nne za nyumbani kwa bei ya jumla. Kama duka lako lipo mjini hapa napita mwenyewe ndani ya wiki, kama lipo Kongwa au Bahi au Mpwapwa naridhika na simu na picha.

Nikikukataa nakuandikia sababu. Mara nyingi ni moja kati ya hizi mbili, hununui ili ukauze (unanunua za kutumia nyumbani), au tayari kuna akaunti ya duka hilohilo. Hiyo ya pili inatatuliwa kirahisi, tunakuongeza kama mtumiaji wa pili kwenye akaunti iliyopo.

Kuna mtu aliniuliza kwanini nisiache mfumo upitishe wenyewe kila aliyeweka TIN. Nilijaribu mwanzoni kabisa. TIN ni rahisi kupata na ni vizuri iwe hivyo, ila ina maana TIN peke yake haisemi kama una duka. Ndani ya wiki chache bei zangu zilikuwa zimefunguliwa na watu ambao hawajawahi kuagiza hata bando moja, na sikuwa na namna ya kuzirudisha zisijulikane. Bei ikishaonekana imeonekana.

Orodha A, B na C ni nini na mimi nipo ipi?

Ukiingia, juu pameandikwa "Bei Zangu" na herufi yako.

A ni duka la mtaa, meza, genge. Kila oda angalau shilingi 150,000 kwa jumla. B ni wenye jumla ndogo, wale wanaowauzia maduka mengine, mfano mtu wa Kondoa mjini anayesambaza vijijini, na kila oda angalau 1,000,000. C ni taasisi, shule za bweni, hosteli, hoteli, hao hawanunui ili wakauze ila wananunua nyingi kwa mara moja na wanataka profoma, na bei yao ipo kati ya A na ya dukani, haiwezi kuwa chini ya yenu mnaouza.

Tuchukue ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ili tuelewane, hizi ni bei za mfano tu, zako halisi utaziona ukiingia. A ni 5,800 kuanzia bando moja, yani ndoo 10. B ni 5,450 kuanzia mabando 10, yani ndoo 100. C ni 6,300 kuanzia bando moja.

Mbona jirani yangu anapata bei ya chini kuliko mimi wakati tunauza kitu kimoja?

Hili swali linaniuma kila nikiulizwa mana najua unahisi umeonewa. Bei haiendi kwa undugu wala kwa nani tumeanza naye, inaendana na herufi. Jirani yako yupo B, ina maana oda zake zote ni milioni kwenda juu. Ukifanya oda tatu mfululizo zinazofika hapo, mimi mwenyewe nakuhamisha, huhitaji kuomba. Na mtu wa B akikaa miezi mitatu bila kufika, anarudi A, na namwambia kabla sijamrudisha ili asije akashtukia kwenye oda.

Kitu ambacho sifanyi ni kumpa mtu wa A bei ya B "kwa leo tu". Nilishafanya hivyo kwa huruma, na aliyepewa alimwambia mwenzake, na mwenzake akaja na hasira za haki kabisa. Siku hizi ukinipigia kuomba nipunguze, jibu langu ni lilelile kwa kila mtu.

Kiwango cha chini kinahesabiwaje? Naweka ndoo 25 inakataa.

Kuna vizuizi vitatu na watu wanavichanganya, kwaiyo nivitenganishe taratibu.

Cha kwanza ni kiwango cha bidhaa yenyewe, mfano ndoo lazima zianzie 10. Cha pili ni mafungu. Ndoo zinakuja kutoka kiwandani zimeingizwa moja ndani ya nyingine, kumi kumi, zimefungwa, na rangi moja. Nikifungua bando nikakupa tano, tano zinazobaki stoo zinapata vumbi, zinakwaruzika, na mwisho nitaziuza kwa hasara, kwaiyo ndoo zinaenda 10, 20, 30, hivyo. Ndo mana 25 inakataa. Mfumo unakuambia "chagua 20 au 30", haukupandishii wenyewe mpaka 30, hilo nililikataa kwa fundi mana mtu anaweza kulipa bila kuangalia afu akajikuta kanunua tano asizozitaka. Mabeseni, majagi na sahani zinaenda kwa dazeni. Majaba makubwa yanaenda mawili mawili.

Cha tatu ni jumla ya oda nzima, ile 150,000 au 1,000,000. Hapa unaweza kuchanganya bidhaa zozote. Bando moja la ndoo ni 58,000, limepita kizuizi cha kwanza na cha pili, ila oda haijafika 150,000, kwaiyo kitufe cha kuthibitisha kinabaki cha kijivu na pembeni pameandikwa kimebaki kiasi gani. Watu wanadhani simu imegoma. Haijagoma, ongeza dazeni ya mabeseni na kingine.

Na rangi, unaruhusiwa kuchanganya mabando, bando la bluu na bando la nyekundu, ila ndani ya bando moja siwezi kukuchanganyia.

Je, nijikaze nifike B? Nina mtaji wa kama laki sita.

Mimi ningefaidika ukisema ndio, ila nikupigie hesabu ambayo nilimpigia mama mmoja wa Kibaigwa mwaka jana, na wewe uamue.

Yeye ana duka karibu na pale soko la mahindi. Alikuwa anaagiza ndoo 40 za lita 20 kwa mwezi, mabeseni dazeni 3 na majagi dazeni 2. Kwa bei ya A ndoo ni 232,000, mabeseni 84,000 (28,000 dazeni), majagi 31,000, jumla 347,000. Mzigo unaenda kwa kirikuu, yeye na wenzake wanachangia, kwake ni 20,000. Nikigawa hiyo nauli kwa nafasi ambayo ndoo zinachukua, ni kama 300 kwa kila ndoo. Anauza 7,000, kwaiyo baada ya 5,800 na 300 anabaki na 900 kila ndoo.

Akaniambia anataka achukue ndoo 100 apate 5,450. Tukae hapo. Ndoo 100 ni 545,000, ina maana anatoa 313,000 zaidi ya alizozoea. Anachookoa kwenye zile 40 zinazotoka mwezi huu ni 350 mara 40, shilingi 14,000. Zile 60 nyingine zinakaa chumbani mwezi wa pili na nusu ya mwezi wa tatu, zimekula ile 313,000 ambayo ingeweza kununua sabuni, mafuta na sukari vitu vinavyozunguka mara nne kwa mwezi. Na hapo bado oda haijafika milioni, kwaiyo hata B yenyewe asingeipata, angebaki ameweka ndoo 100 kwenye kikapu na bei bado 5,800.

Kilichomsaidia ni kingine. Waliungana watatu, yeye na maduka mawili ya barabara hiyohiyo, wakafungua akaunti moja kwa jina na TIN ya mmoja wao, wanaagiza kwa pamoja mara moja kwa mwezi na inavuka milioni kihalali. Naruhusu hilo. Ila lazima walipe kwa mkupuo mmoja, risiti inatoka kwa TIN moja, na wakigombana kuhusu nani achukue bluu mimi siingii. Walichojifunza wenyewe ni kuandika kwenye daftari nani kaweka shilingi ngapi kabla ya oda, wala siyo baada ya mzigo kushushwa.

Kwa mji wetu kuna jambo jingine la msimu. Dodoma kiangazi maji yanasumbua mitaa mingi, na kuanzia kama Agosti majaba na ndoo kubwa zinatoka kuliko kawaida mpaka mvua zianze Desemba. Ukitaka kujikaza kufika B jikaze mwezi wa saba, mzigo ukukute una wateja. Kujikaza mwezi wa pili mtaa mzima una maji ya mvua ni kufungia hela chumbani.

Bei ikibadilika nikiwa nimeshaweka kwenye kikapu?

Kikapu hakishiki bei. Ukithibitisha oda ndo bei inashikwa, na inashikwa kwa saa 24 kuanzia hapo. Ukilipa ndani ya hizo saa 24 unalipa ile bei hata kama nimepandisha dakika tano baada yako. Zikipita bila malipo oda inafutika na ukiirudia utaona bei ya wakati huo.

Natangaza kupanda kwa meseji siku tatu kabla, isipokuwa kiwanda chenyewe kimenishtukiza. Malighafi ya plastiki inaagizwa kutoka nje, kwaiyo dola ikipanda au mafuta ya lori yakipanda, bei inapanda hata kama kiwanda kipo hapahapa nchini. Ikishuka pia nashusha, na mnaoniangalia muda mrefu mmeliona.

VAT imo au inaongezwa?

Imo. Bei unayoona ndo unayolipa, risiti ya EFD inatoka kwa TIN uliyosajili. Ukilinganisha na muuzaji mwingine muulize kwanza kama bei yake ya VAT imo ndani, mana wengine wanakutajia bei tamu afu kwenye ankara inaongezeka. Na kama umesajiliwa VAT niambie mapema niweke namba yako ya usajili, usisubiri risiti imeshatoka.

Kijana wangu wa dukani ndo anaagiza. Nimpe paswedi yangu?

Usimpe. Ingia "Watumiaji", ongeza jina na namba yake ya simu, chagua "Anaagiza bila kuona bei". Yeye ataona bidhaa, ataweka idadi, atatuma, afu kwako inakuja meseji uidhinishe, wewe ndo unaona bei na kulipa.

Nimeiweka hiyo baada ya jambo lililompata mteja wangu mmoja. Kijana aliyekuwa na paswedi yake aliacha kazi, akafungua duka upande wa pili wa barabara, na miezi miwili mizima alikuwa anaingia kwenye akaunti ya bosi wake wa zamani anaangalia bei, na akaunti haikuonyesha lolote la ajabu kwa sababu paswedi ilikuwa sahihi. Sa hivi mtu akiondoka unamfuta yeye peke yake, paswedi yako haiguswi. Ukiona kwenye "Watumiaji" mtu ameingia saa ambazo duka limefungwa na si wewe, badilisha paswedi papohapo na unipigie.

Nimeona mtu ana skrinshoti ya bei yangu. Nani kaitoa?

Hili lilinitokea mimi na nilimkosea mtu, kwaiyo nilieleze lote.

Mteja wangu wa Chamwino alinipigia asubuhi ana hasira, mnunuzi wake amemwonyesha kwenye simu ndoo ya lita 20 kwa 5,800. Mimi nikakimbilia kuwaza kwamba kuna mtu wa A amesambaza kwenye grupu la wasapu, nikamshuku mmoja, nikampigia kwa ukali. Hakuwa yeye. Jioni nikaiangalia ile skrinshoti vizuri na kule juu kulia pameandikwa "Ingia". Kama ungekuwa ndani ya akaunti pangeandikwa jina la duka lako. Yani aliyepiga ile picha hakuwa na akaunti kabisa, bei ilikuwa inaonekana kwa mtu yeyote. Nilirudi kwa yule niliyemkaripia nikamwomba radhi, na bado anaagiza kwangu, namshukuru.

Kilichotokea ni hivi. Seva ilikuwa inatunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka, inaitwa kache. Mtu wa A alifungua ukurasa wa ndoo akiwa ndani ya akaunti, seva ikatunza ukurasa wake ukiwa na bei, afu mgeni aliyefuata akapewa ileile nakala. Ilikuwa inatokea na kukata, ukifungua sa hivi unaona bei, baada ya saa moja huoni, ndo mana hata sisi tulichelewa kugundua.

Kwaiyo ukiletewa skrinshoti, angalia kwanza juu kulia. Pakiwa na jina la duka, mwenye duka hilo ana mtu anayesambaza na mimi naongea naye. Pakiwa na "Ingia", nitumie haraka sana hata kama ni usiku, kosa litakuwa ni la kwangu.

Na mimi nina jumla yangu (Singida, Manyoni...), natengenezewa mfumo kama huu, nimwambie fundi aangalie nini?

Mnaniuliza sana na sioni shida kuwaambia, tumeumia tayari, msiumie nyinyi pia.

Kwanza, bei isifichwe kwa macho tu. Fundi wa kwanza aliificha kwa mwonekano, yani ukurasa unabeba bei ila imefunikwa. Wasapu ikivuta linki ili ionyeshe ile picha ndogo na maelezo, inasoma maelezo yaliyo ndani ya ukurasa, na kwetu bei ilikuwa kwenye maelezo yanayoandikwa kwa ajili ya mashine kama Google. Mtu anatuma linki kwenye grupu, bei inatokea chini ya picha bila hata kufungua. Bei inatakiwa isitoke kwenye seva kabisa kama mtu hajaingia. Fundi apime hivi, kwenye kompyuta ambayo haijaingia akaunti:

```
curl -s https://example.com/ndoo-lita-20 | grep -n "5800\|5,800"
```

Aweke linki yako na bei yako halisi. Ikirudisha mstari wowote, bei inavuja, hata kama kwa macho huioni.

Pili ile kache. Kurasa za mtu aliyeingia zisitunzwe, na seva iseme hivyo wazi:

```
Cache-Control: private, no-store
```

Afu usiamini maneno, chukua simu mbili, moja iingie kwa akaunti ya A nyingine kwa B, mfungue ukurasa uleule kwa kupokezana mara kumi. Mgeni kuona bei ni kubaya, ila mtu wa A kuona bei ya B ni kubaya zaidi mana huyo ni mteja wako na atakuja kukudai.

Tatu, kichujio cha bei. Hili nililiona mwenyewe nikiwa nacheza na simu. Bei zilikuwa zimefichwa vizuri, ila mgeni aliweza kuchagua "bidhaa kati ya 5,000 na 6,000" na ndoo ikatokea, akipunguza mpaka "kati ya 5,750 na 5,850" ameshaijua. Kupanga kwa bei na kuchuja kwa bei viondolewe kwa asiyeingia.

Nne, kiwango cha chini kikaguliwe mwisho wa oda pia, kisikaguliwe kwenye ukurasa wa bidhaa peke yake. Kwetu mtu aliweka ndoo 10, akaenda kwenye kikapu akabadilisha kuwa 3, ikapita, akalipa bei ya jumla kwa ndoo tatu, na mimi nikaheshimu malipo yake mana kosa halikuwa lake.

Mzigo nauchukua wapi na naukaguaje?

Stoo yetu ipo Kizota. Unaweza kuja na kirikuu au guta lako, au tukupakilie kwenye gari unayoituma, nauli unaelewana nao.

Kagua palepale kabla hujasaini. Ndoo zikiwa ndani ya nyingine ufa hauonekani, na mara nyingi unakaa mdomoni au pale kipini kinapoingia. Zitoe mbili tatu kila bando, pitisha kidole kuzunguka mdomo, utausikia. Na mifuniko inakuja kwenye mfuko wake peke yake, haipo kwenye ndoo, kwaiyo ihesabu. Malalamiko mengi kuliko yote ninayopata ni "nimepewa ndoo 40 mifuniko 38", na mkishaondoka siwezi kujua ni stoo iliyokosea au imedondoka njiani. Ukikuta pungufu au yenye ufa kabla ya kusaini unabadilishiwa hapohapo. Kwa mizigo ya mbali ambayo hukuja mwenyewe, una siku mbili za kunitumia picha tangu ipokelewe.

Mnakopesha?

A hapana. B baada ya miezi sita ya kulipa kwa wakati, siku 14, na kiasi kisichozidi oda yako ya kawaida. Malipo mengine yote ni kabla ya kupakia, kwa lipa namba inayotokea ukithibitisha oda au benki. Jina linalotokea kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya siri lazima liwe la duka letu. Likitokea jina la mtu binafsi, usilipe, nipigie kwanza.

Nimepitishwa leo ila bado sioni bei.

Toka kwenye akaunti uingie tena. Simu yako bado imeshika ukurasa wa zamani wa kabla hujapitishwa. Ikigoma bado, angalia kama umeingia kwa namba ileile uliyojisajilia, mana wenye laini mbili wanajisajili kwa moja na kuingia kwa nyingine, na hiyo ya pili inahesabika ni ombi jipya linalonisubiri jioni.